Muda wowote na wakati wowote

"Mwalimu, kamwene. Mimi ni mshauri nasaha hapa Iringa. Mteja wangu, dada aliyekuwa na hofu ya kupanda basi, anamaliza vikao 12. Nataka kumtumia ujumbe mfupi wa kufunga. Niandike 'Usisite kunitafuta muda wowote' au 'wakati wowote'?"

Kamwene. Kisarufi, ni wakati. Maneno yote mawili tumeyapata kwa Waarabu, na yalikuja na maana mbili tofauti: muda ni urefu, wakati ni lini. Ukiulizwa kikao kilichukua muda gani, utajibu dakika 50. Ukiulizwa kilikuwa wakati gani, utajibu jioni. Kwa hiyo anayeniambia nije "muda wowote" ameniruhusu nikae dakika mbili au siku mbili. Saa ya kufika hajaitaja. Kosa hili limebandikwa kwenye vibao vya maduka, limejaa kwenye barua za ofisi, na wapiga debe wa stendi wanatangaza kwamba basi litaondoka "muda wowote". Basi haliondoki kwa urefu! Linaondoka wakati fulani, hata kama dereva hataki kuutaja. Kosa hili linaniudhi kwa sababu linafuta tofauti tunayoihitaji kila siku.

Lakini kwenye ujumbe wako hata "wakati wowote" siitaki, kwa kuwa si kweli. Saa 8 usiku hutapokea simu, na hupaswi kupokea. Mteja akikuamini, akapiga, asipate jibu, neno lako la mwisho kwake litakuwa ahadi iliyovunjika.

"Usisite" ndiyo mbaya zaidi. Kwa mwenye duka haina madhara. Kwa dada huyu inabomoa kazi ya miezi 3. Mtu mwenye hofu ya namna hiyo hutafuta kuhakikishiwa: kabla basi halijaanza kuteremka mlima wa Kitonga ameshampigia mtu aambiwe kwamba hatakufa. Hakikisho humtuliza kidogo, kisha hofu hurudi ikidai lingine. Kwenye vikao amejifunza kubaki kwenye kiti na ile hofu, bila simu mkononi, mpaka ishuke yenyewe. Huko kusita kabla ya kupiga ndiko alikokuja kujifunza, na wewe unamwandikia asisite.

Mimi ningeandika hivi:

"Dada, kamwene. Kikao cha Alhamisi kilikuwa cha 12 na cha mwisho, kama tulivyokubaliana. Nimeona ulivyofanya mazoezi hata siku ambazo hukuwa na hamu, na hatua ulizopiga ni zako. Siku ngumu zikirudi, anza na karatasi tuliyoiandika pamoja. Zikiendelea wiki 2 bila kupungua, piga simu ya ofisi Jumatatu hadi Ijumaa, saa 3 asubuhi hadi saa 10 jioni, upangiwe kikao. Ukijiona uko hatarini, nenda hospitali iliyo karibu mara moja, usisubiri jibu langu. Tukikutana mjini, nitangoja unisalimie wewe kwanza. Nakutakia heri. Kwaheri."

Tazama kisichoandikwa. Neno hofu halimo, wala basi, wala Kitonga, kwa sababu simu hushikwa na mume, mtoto, hata shemeji. "Umepona" haimo pia: hofu ikimrudia miezi 3 baadaye ataona ama ulimdanganya ama ameshindwa, ilhali kurudi kidogo ni jambo la kawaida, na karatasi ile iliandikwa kwa ajili hiyo. Na badala ya "nimekusaidia" kuna "hatua ulizopiga ni zako". Joto la ujumbe limo hapo, katika jambo moja la kweli uliloliona kwake. "Nitakukumbuka daima" haiongezi joto. Inamwachia mteja kazi ya kukuhurumia wewe.

Sentensi ya salamu usiifute. Iringa si mji wa kupotezana, mtakutana Miyomboni au sokoni, na kwetu kumpita mtu kimya ni tusi. Asipoelezwa mapema atadhani umemkana. Akielezwa, atajua unamlinda asije akaulizwa na aliyefuatana naye mnajuana wapi. Mweleze kwa mdomo kwenye kikao cha mwisho, na ujumbe wenyewe usomeni pamoja siku hiyohiyo kabla hujautuma, ili kama ana swali aulize akiwa mbele yako.

Mwishoni tosheka na "kwaheri" tupu. "Kwaheri ya kuonana" inaahidi mkutano ambao hamjaupanga, na "buriani" tumezoea kuwaambia marehemu.