Kuwajibu wanaosifu chapisho

"Watu wengi wamesifu chapisho langu, nawajibuje bila majibu kuonekana ya kunakili?"

Chukua kitu kimoja alichokitaja msifu mwenyewe, kisha ujibu hicho kabla ya kushukuru. Anayependekeza kubadilisha maneno tu, mara "asante", mara "shukrani", mara "nashukuru sana", amepatia nusu tu, kwa sababu majibu husomwa yakiwa yamepangana, na umbo likiwa lilelile msomaji huligundua hata maneno yakibadilika. Tuseme umeandika kuhusu kuotesha miche, na mtu akasema, "Hapo kwenye kumwagilia umenifungua macho." Unaweza kumjibu: "Sehemu hiyo ndiyo iliyonichukua muda mrefu kuieleza, nafurahi imekufaa. Miche yako iko kwenye vikopo au kitaluni?" Swali hilo liulize pale tu unapotaka jibu kweli, maana ukiuliza kila mtu, nalo linageuka kuwa nakala.

Kupima ni rahisi: ficha jina la uliyemjibu, na kama jibu lingemfaa mwingine yeyote, liandike upya. Aliyeandika "Safi sana" pekee anatosheka na alama ya kupenda au neno moja. Nafanya kazi ya kusimamia kurasa, na nimeona pia kwamba kubandika jibu moja mfululizo huweza kuufanya mtandao ukuzuie kwa muda kutoa maoni. Wakiwa mamia, sina hakika kama inafaa kumjibu kila mmoja. Mimi huchagua wenye hoja.