Ngoma kubwa kwenye winchi ya mota

"Wakuu, nina winchi ya kupandishia zege ghorofani hapa Nkuhungu, Dodoma. Mota ni kilowati 1.5, ngoma ina kipenyo cha sentimita 20 na inazunguka mara 60 kwa dakika, mzigo kilo 150. Nikifunga ngoma ya sentimita 30 ipande haraka, mota itaweza?"

Hapana, ndugu, kwa mzigo huo usifunge.

Kilo 150 zinavuta kamba kwa nyutoni 1,470 hivi. Zidisha kwa nusu kipenyo, mita 0.1, upate kani ya kuzungusha: nyutoni-mita 147. Mizunguko 60 kwa dakika ni radiani 6.28 kwa sekunde. Ukizidisha hizo mbili unapata wati 923, ndiyo nguvu inayofika kwenye kamba. Giaboksi nayo inakula yake. Tukikadiria inapitisha asilimia 70, mota inatoa kama wati 1,320. Tayari uko karibu na kikomo.

Kwa ngoma ya 30, mzigo unapanda haraka mara moja na nusu, lakini kani inafika 220 na mota inadaiwa karibu wati 1,980. Itanguruma, itapunguza mwendo, na koili zitaungua. Ukiitaka kweli, shusha mzigo hadi kilo 100, ndoo ikiwemo.

Angalia pia kamba ikijikunja tabaka juu ya tabaka: ngoma inanenepa, na mzigo unakuwa mzito kwa mota ndoo ikikaribia juu.

Breki mwonyeshe fundi kabla ya kubadili chochote, na mtu asipandishwe kwa winchi hiyo.