Dokezo la ukurasa mmoja kuhusu tanki la maziwa ya jioni

Swali: "Chama chetu cha ushirika wa wafugaji chenye wanachama 310 hupokea maziwa ya asubuhi tu. Nimependekeza tununue tanki la kupoza ili tupokee na ya jioni, ambayo nakadiria ni lita 600 kwa siku. Andiko langu la kurasa 14 limekaa mezani kwa meneja miezi miwili, na sasa anataka ukurasa mmoja. Niandike nini, niache nini?"

Jibu: Ndugu, nimelisoma andiko ulilolituma. Linamwomba meneja shilingi milioni 60 za tanki, chumba na jenereta, wakati hakuna aliyewahi kupima hata lita moja ya maziwa hayo ya jioni. Meneja mwenye busara hawezi kukubali ombi hilo, wala hana sababu ya kulikataa, ndiyo maana limekaa mezani. Ukurasa mmoja uombe jambo analoweza kuliamua leo, na ombi hilo liwe sentensi ya kwanza kabisa: "Naomba idhini ya kutumia shilingi 900,000 na siku 14 kupima maziwa ya jioni kwa wanachama 40, ili tujue kama tanki la kupoza linastahili upembuzi yakinifu."

Baada ya ombi, eleza tatizo kwa sentensi mbili, kisha nenda moja kwa moja kwenye hesabu, kwa kuwa hapo ndipo meneja atakapokaza macho. Kwa takwimu zako mwenyewe, chama hubaki na shilingi 200 kwa kila lita baada ya kumlipa mfugaji, na gharama za kuendesha tanki, yaani umeme, mafuta ya jenereta na mhudumu, ni shilingi 1,400,000 kwa mwezi. Lita 600 kwa siku huleta shilingi 3,600,000 kwa mwezi. Ukitoa gharama hubaki 2,200,000, na mtaji unarudi katika miezi 27 hivi. Zikija lita 300 tu, kinachobaki ni shilingi 400,000, na mtaji huohuo utachukua zaidi ya miaka 12 kurudi. Weka hali hizo mbili kwenye jedwali dogo la mistari miwili. Andiko lako lilionyesha ile ya kwanza peke yake, na meneja yeyote aliyewahi kusimamia ushirika hunusa hilo upesi.

Kutokana na hesabu hiyo utapata kigezo cha kuacha, ambacho kwa maoni yangu ndicho kiini cha ukurasa wote. Ikiwa bodi yenu hutaka mtaji urudi ndani ya miaka minne, mnahitaji takribani lita 440 kila jioni, sawa na wastani wa lita 1.4 kwa kila mwanachama, wasio na cha kuuza wakihesabiwa pia. Kwa hiyo andika wazi kwamba wanachama 40 wakishindwa kufikisha jumla ya lita 57 kwa jioni, wewe mwenyewe utaliondoa wazo mezani.

Eleza kwa ufupi namna ya kupima. Wanachama hao wachaguliwe kwa kura kutoka kwenye daftari, wasiwe wale wa kando ya barabara wanaofikika kirahisi. Kinachopimwa ni maziwa yanayobaki baada ya ndama na matumizi ya nyumbani. Miaka ya nyuma niliandika makadirio ya aina hii kwa kuzidisha idadi ya ng'ombe kwa lita, na meneja wangu, aliyekulia zizini, akaniuliza tu, "Na ndama wamelala njaa?" Wapimaji waulize pia mchuuzi hulipa kiasi gani na hulipa lini, maana mfugaji anayepata shilingi 1,100 mkononi jioni hiyohiyo hataleta maziwa kwenu kwa shilingi 1,000 za mwisho wa mwezi. Yahesabiwe yale tu ambayo mfugaji yuko tayari kuyatoa kwa bei na utaratibu wenu. Kama mnapima wakati wa masika, chukua daftari la mapokezi ya asubuhi la mwaka uliopita, uone kiangazi yalipungua kwa uwiano gani, kisha upunguze matokeo yako kwa uwiano huohuo.

Historia ya chama, picha za tanki na ulinganisho wa aina za tanki uviache vyote. Vina nafasi yake kwenye upembuzi yakinifu, ukifikiwa. Taja kwa sentensi moja swali la pili lililo wazi, kwamba msindikaji bado hajathibitisha kwa maandishi kuwa atanunua maziwa yaliyolala kwenye tanki. Barua yake haigharimu kitu, basi iombe wiki hiihii.

Chini kabisa acha mistari mitatu ya meneja kutia saini: "Pima", "Usipime", na "Nijibu kwanza swali hili", huku huo wa mwisho ukiachiwa nafasi ya kutosha kuandika kwa kalamu.