Penseli tatu za kusahihishia insha ya filamu

Mwaka wangu wa kwanza kufundisha uhakiki wa filamu nilimpa mwanafunzi mmoja maksi 16 kati ya 20. Insha yake ilinyooka, visa vilipangika, mwisho ulihuzunisha. Mwenzangu, ambaye tulikuwa tunabadilishana insha chache ili tulinganishe maksi, akaipa 7. Tukaenda nayo kantini. Akanisogezea karatasi na kusema, "Mwalimu, nionyeshe sentensi moja tu humu ambayo mtu asingeweza kuiandika kama angesimuliwa hii filamu ndani ya daladala." Nikapekua kurasa zote nne huku chai inapoa. Sikuiona.

Swali lile la daladala ndilo ninalosahihishia hadi leo. Nitaeleza ninavyolitumia, kwa filamu ileile tuliyokuwa tukibishania.

Filamu yenyewe ni "La Noire de..." ya Ousmane Sembène wa Senegali, ya mwaka 1966. Ina urefu wa saa moja hivi, na kisa chake kinaelezeka kwa pumzi moja: Diouana, msichana wa Dakar, anaajiriwa na familia ya Kifaransa kulea watoto, wanamchukua hadi kwao Antibes, kusini mwa Ufaransa, huko anageuzwa mpishi na mfagizi asiyetoka nje, na mwishowe anajiua bafuni. Naipenda kwa kazi hii kwa sababu kisa ni kifupi. Mwanafunzi akijaza nacho kurasa nne, ujue amekivuta kwa nguvu.

Nasoma insha mara ya kwanza bila kushika kitu. Mara ya pili nashika penseli tatu. Nyekundu inapigia mstari kila kinachosema nini kilitokea. Bluu inapigia kile ambacho jicho au sikio lilikipata: kamera imekaa wapi, nini kimo ndani ya fremu na nini kimeachwa nje, mwanga, sauti, shoti moja, yaani kipande kimoja cha picha kisichokatwa, imekatwa ikaingia ipi. Kijani ni pale mwandishi anaposema hicho cha bluu kinamfanyia nini mtazamaji. Nikimaliza naweka karatasi mezani na kuitazama kwa mbali kama kitenge. Insha ya kantini ingekuwa nyekundu tupu.

Sasa twende kwenye mifano. Hizi aya nimezitunga mwenyewe, lakini kila anayesahihisha atazitambua.

Ya kwanza: "Hapo mwanzo Diouana alikuwa akitafuta kazi mjini Dakar. Siku moja bibi mmoja wa Kifaransa alimchagua miongoni mwa wanawake wengi. Alifurahi sana akampa zawadi ya kinyago. Baadaye walimpeleka Ufaransa ambako maisha yalibadilika."

Ni nyekundu yote, hilo liko wazi. Ila kuna kosa kubwa zaidi, na lilinichukua miaka kuliona. Filamu haianzi hivyo. Inaanza Diouana akifika Ufaransa kwa meli, na Dakar inatujia baadaye kwa vipande, anapokumbuka. Kinyago tunakikuta kwanza kikining'inia ukutani Antibes, na ni baadaye ndipo tunaonyeshwa kwamba yeye ndiye aliyewapa. Mwanafunzi amekinyoosha kisa, na kwa kukinyoosha amefuta mbinu muhimu kuliko zote za uhariri wa filamu hii. Tunapomwona Dakar akichaguliwa, anacheka, anarukaruka kwa furaha, sisi tayari tumeshamwona Antibes amefungwa aproni akisugua. Furaha yake inatuuma kwa sababu sisi tunajua na yeye bado hajui.

Kwa hiyo siku hizi kitu cha kwanza ninachotafuta kwenye insha ni mpangilio. Maneno kama "hapo mwanzo", "siku moja", "baadaye", "hatimaye" yakifuatana hivyo, nalinganisha na mpangilio wa filamu. Kama mwanafunzi ameurekebisha bila kusema kwamba ameurekebisha, hajaitazama filamu kama kitu kilichokatwa na kuungwa. Amekumbuka hadithi. Pembeni naandika, "Filamu inatuonyesha hili kabla au baada ya lile?" Basi.

Ya pili: "Mkurugenzi ametumia kloz-apu, engo ya juu na picha nyeusi na nyeupe. Rangi nyeusi na nyeupe zinaonyesha ubaguzi. Kinyago kinawakilisha Afrika."

Hapa ndipo wasahihishaji wengi tunapodanganyika, kwa kuwa istilahi zimo na zinang'aa. Tazama tena. Kloz-apu ya nani, wakati gani? Na picha nyeusi na nyeupe mwaka 1966 lilikuwa jambo la kawaida kwa filamu yenye bajeti ndogo, kwa hiyo peke yake haithibitishi kitu. Kinyago nacho, ndiyo, lakini sentensi hiyo mtu wa daladala angeisema vizuri zaidi. Aya hii naipa maksi chache sana za bluu na sifuri ya kijani. Mwanafunzi huyuhuyu angeandika kwamba katika nyumba ya Dakar kinyago kimewekwa pamoja na vitu vingine vya sanaa ya Kiafrika, ilhali Antibes kinaning'inia peke yake kwenye ukuta mweupe, ningeshika penseli ya kijani papo hapo. Hapo weusi na weupe una kazi ndani ya fremu, na upweke wa kinyago unatueleza upweke wa Diouana bila yeye kusema neno.

Ya tatu imeandikwa kwa Kiswahili kilichopinda kidogo: "Bwana anasoma barua kwa sauti, halafu anaanza kumuandikia Diouana majibu. Diouana mdomo umefunga. Lakini tunamsikia sauti yake anaikataa hiyo barua. Mule chumbani hawamsikii, sisi tu ndio tunamsikia. Kwa hiyo mtu anayeandikiwa maneno na wengine ndiye mwenye maneno mengi kuliko wote."

Sentensi ya kwanza ni nyekundu, na inafaa, kwa sababu bila hiyo tusingejua tuko eneo gani. Mbili zinazofuata ni bluu. Mbili za mwisho ni kijani kibichi kabisa. Mwanafunzi hajui istilahi ya sauti ya ndani, hakuitaja popote, na simkati hata nusu maksi. Ameisikia, ametuambia inafanya nini, na amegundua mgongano wa mdomo uliofungwa na sauti inayosema, jambo linalobeba filamu nzima: mbele ya waajiri wake Diouana hujibu kwa maneno mawili matatu ya "ndiyo, bibi", kumbe ndani anazungumza Kifaransa fasaha.

Kuna mwanafunzi aliyesoma mahali kwamba sauti hiyo si ya Mbissine Thérèse Diop anayeonekana kwenye picha, ni ya Toto Bissainthe, mwimbaji wa Haiti. Ni kweli, na alidhani nitampa maksi kwa kuijua. Nilimrudishia na swali: "Je, unaisikia tofauti hiyo unapotazama?" Akaenda akasikiliza, akarudi na aya nzuri kuhusu sauti inayoelea juu ya picha bila kushikamana na mwili. Taarifa ile ikapata maksi siku ya pili. Kadhalika wasifu wa Sembène: kwamba alizaliwa Ziguinchor, alibeba mizigo bandarini Marseille, akasomea filamu Moscow. Nimesoma kurasa za kwanza nyingi zenye hayo yote, nikazipita kama mtu anayepita matangazo ya barabarani. Maksi zinaanza kuhesabiwa kamera inapoingia.

Mgawanyo wangu kwa maksi 20 ni huu: 7 za kilichoonwa na kusikiwa, 8 za kile hicho kinachomfanyia mtazamaji, 3 za hoja inayounganisha, 2 za lugha. Zamani mwongozo wetu ulikuwa na maksi 10 za "maudhui", na humo ndimo usimulizi ulipojificha. Msahihishaji akichoka saa nne usiku, akiona majina yote na visa vyote vimo, mkono unaandika 8 wenyewe. Tukaliondoa neno hilo. Kulikuwa na malalamiko, hasa kutoka kwa wenye Kiswahili kizuri, na nawaelewa, maana tangu shule ya msingi walisifiwa kwa kusimulia.

Mtihani wa darasani nausahihisha kwa mkono mwepesi zaidi. Mtu aliyetazama mara moja wiki iliyopita hawezi kukumbuka kama shoti ilikuwa ya kifuani au ya kiunoni, nami simhukumu kwa hilo. Akikumbuka vitu viwili kwa uhakika na kuvifanyia kazi, anatosha. Kwa insha ya nyumbani nadai dakika ziandikwe pembeni ili nami nikafungue nitazame.

Kosa langu kubwa lakini lilikuwa kwenye maoni. Kwa miaka niliandika "Fafanua zaidi" pembeni mwa usimulizi. Insha zikarudi zimefafanuliwa kweli: usimulizi wa kurasa nne umekuwa wa kurasa sita! Mwanafunzi alifanya nilichomwambia. Siku hizi natumia maswali ambayo hayajibiki kwa kusimulia. Kamera iko wapi hapa? Nani yuko kwenye fremu na nani anasikika tu? Shoti iliyotangulia ilikuwa ipi? Ingebadilika nini kama tungeona uso wake badala ya mgongo? Swali moja kwa ukurasa linatosha. Nikiandika matano hasomi hata moja.

Swali la insha nalo nililibadilisha, maana lilikuwa chanzo cha nusu ya tatizo. "Jadili filamu uliyotazama" ni mwaliko wa kusimulia. Sasa nasema: chagua eneo moja lisilozidi dakika tatu, litazame mara tatu, mara moja ukiwa umezima sauti, kisha andika maneno 800 bila kutoka nje ya dakika hizo isipokuwa kwa sentensi mbili za kutuweka mahali.

Mwaka jana binti mmoja alichagua mwisho wa filamu, pale bwana anapokwenda Dakar kurudisha mali za Diouana na mtoto mmoja wa huko anamfuata nyuma amevaa kinyago. Rasimu ya kwanza ilisema mtoto "anamfukuza kwa hasira". Nikaandika: "Hasira umeiona wapi? Uso umefunikwa." Alikuja ofisini, tukafungua laptopu, tukatazama bila sauti. Bwana anaharakisha na kugeuka nyuma, mtoto anakuja tu. Tukarudia. Baada ya muda akasema, "Kumbe yeye mtoto hafanyi kitu, Mwalimu. Anayefanya ni yule bwana na shingo yake."

Aliondoka akaandika hivyo karibu neno kwa neno, kisha akaongeza aya kuhusu shoti ya mwisho, mtoto anapokishusha kinyago na tunauona uso wenyewe, bwana ameshaondoka, ukitutazama sisi. Nilimpa 17. Mwenzangu wa kantini alimpa 16 na nusu, kwa sababu ya koma.