Jukwaa lisilo na pembeni: anza na kiti cha mwisho

Mwalimu mwenzangu uliyekabidhiwa drama muhula huu, nadhani ukumbi wako unafanana na wetu hapa Nairobi. Asubuhi ni wa mikutano, mchana ni wa chakula, na mwishoni kuna jukwaa la simiti lililobanwa na kuta tatu. Pembeni hakuna mahali pa mwigizaji kujificha. Juu ni mabati na boriti tu, hakuna nafasi ya kupandisha pazia lenye mandhari. Taa ni zile zile za darasani, na swichi moja inazizima zote.

Mwaka wangu wa kwanza nilianza kwa kuchora nyumba ya kijijini kwenye ukuta wa nyuma. Ilipendeza, lakini siku ya onyesho watazamaji wa kando waliwaona wanafunzi sita wamebanana ukutani wakingoja zamu, mmoja akifunga kamba za viatu. Tangu hapo, kabla ya kuchora chochote, naenda kukaa kwenye kiti cha mwisho cha safu ya kwanza, upande wa kulia, kisha cha kushoto. Jicho linaloona mengi kupita yote liko hapo.

Fanya hivi. Panga viti kama vitakavyokuwa siku yenyewe. Mpe mwanafunzi chaki, asimame jukwaani upande ulio mbali nawe, mahali unapofikiria kuweka kificho. Wewe kaa. Mwambie asogee hatua kwa hatua, na kila unapoacha kumwona aweke alama sakafuni. Kwa nusu saa utakuwa na ramani ambayo hakuna kitabu kinaweza kukupa, kwa sababu ni ya ukumbi wako.

Jukwaa letu lina upana wa mita 7 na kina cha mita 4. Kiti cha mwisho kiko mita 2 kutoka ukingoni mwa jukwaa, na mita 5 kutoka mstari wa katikati. Tulitengeneza fremu ya mbao iliyowambwa kitambaa, ya upana wa mita 1.2 na urefu wa mita 2.4, tukaisimamisha mita 1 kutoka ukingoni, ikigusa ukuta wa kando na kuwaelekea watazamaji. Nilidhani nyuma yake wataenea watoto wanne. Chaki ilikataa. Kwa aliyekaa upande wa pili wa ukumbi, sehemu iliyofichika ilikuwa na kina cha nusu mita tu pale ukutani, na ilizidi kupungua kuelekea ncha ya ndani ya fremu. Hapo anasimama mtu mmoja, tena akijibana.

Dawa ilikuwa fremu ya pili ya ukubwa ule ule, iliyofungwa kwa bawaba kwenye ncha ya ndani na kugeuzwa kuelekea nyuma ya jukwaa, mfano wa kitabu kilichofunguliwa nusu. Ghafla kificho kikawa na kina cha karibu mita 2 ukutani. Watoto wanne wanasimama humo na ndoo yao ya maji. Kuna faida nyingine: fremu mbili zilizokunjwa hivyo husimama zenyewe, hazihitaji kupigiliwa misumari kwenye sakafu ya shule. Bado weka mfuko wa mchanga kwenye mguu wa kila fremu, maana mtoto anayetoka mbio hushika chochote kilicho karibu.

Vificho hivi vina gharama yake. Aliyekaa upande ule ule wa fremu hupoteza kona ya nyuma ya jukwaa. Tuliondoa viti viwili kila mwisho katika safu tatu za mbele, na tukakubaliana kwamba jambo lolote zito litafanyika katikati na mbele. Ukimweka mama mgonjwa kitandani kwenye kona ya nyuma, robo ya ukumbi itamsikia tu.

Mbao za inchi mbili kwa mbili utazipata soko la Gikomba hapa Nairobi, na fundi wa shule anaweza kuunganisha fremu moja kwa alasiri moja. Kitambaa ndicho kilichonitesa. Nilinunua kitambaa cha pamba kiitwacho marekani kwa sababu ni rahisi kukipaka rangi. Mbele ilikuwa safi. Katikati ya onyesho la pili, mwanafunzi mmoja ndani ya kificho aliwasha tochi ya simu kutafuta kilemba chake, na ukumbi mzima ukamwona nyanya wa hadithi, kivuli kikubwa kwenye kitambaa, akivua kofia ya polisi na kuvaa leso. Kitambaa chepesi hakimfichi mtu mwanga unapotoka nyuma yake. Sasa tunaweka kaniki nyeusi upande wa ndani, na kabla ya kila onyesho namtuma mtu aingie humo na tochi mimi nikiwa kwenye kiti kile kile.

Jukwaa letu halina mlango wa nyuma. Aliye ndani ya kificho aliingia kabla ya watazamaji, na hawezi kutoka ila kupitia mbele za watu. Kwa hiyo, kabla ya mazoezi ya kwanza, andika karatasi yenye safu tatu: nani anaingia, anatokea wapi, akitoka anaishia wapi. Kwenye mchezo wetu wa waigizaji 22, karatasi hiyo ilionyesha kwamba chifu anatoka kushoto katika onyesho la kwanza, na katika la tatu anatakiwa kuingia kutoka kulia. Kwake ingekuwa muujiza. Tulibadilisha njia yake ya kutokea, bila kugusa neno hata moja la mchezo.

Waliobaki, hasa umati wa sokoni, waliingia kupitia mlango mkuu na kupita katikati ya watazamaji. Hapa wengi walio wageni katika kazi hii hukosea muda. Kutoka mlangoni hadi jukwaani kwetu ni sekunde kumi na mbili kwa mwendo wa kawaida. Mwigizaji akingoja neno lake ndipo aanze kutembea, wenzake watasimama kimya wakimtazama. Hesabu hatua, kisha mpe ishara ya sentensi mbili au tatu mapema. Msaidizi mmoja asimame mlangoni na nakala ya mchezo mkononi, ishara zimepigiwa mstari.

Kuhusu mwanga nina machache. Onyesho la saa nane mchana halina giza, kwa hiyo usipange kubadilisha mandhari gizani. Waigizaji wenyewe wabebe viti na vyungu huku wakiimba, na zoezi hilo lirudiwe kama sehemu nyingine yoyote ya mchezo. Jioni, taa mbili za LED kwenye stendi za mita 3, moja kila upande wa ukumbi mbele, zinatosha nyuso kuonekana. Tazama ukuta wa nyuma: ukiona vivuli viwili vya kila mtu, pandisha taa juu zaidi na uwatoe waigizaji mita moja na nusu kutoka ukutani. Waya wa ekstensheni wa kuviringishwa ufunguliwe wote kabla ya kuwasha, hasa mkiazima zile taa za zamani za halojeni za wati 500. Waya ulioviringwa hushika joto na unaweza kuyeyuka. Upitishe kandokando ya ukuta, na pale unapokatiza njia ya umati wa sokoni, uufunike kwa zulia lililobanwa kwa utepe wa gundi pande zote nne.