Jibu: miaka miwili ya kumuuguza mama

"Nimekaa nyumbani miaka miwili nikimuuguza mama. Jumatano nina mahojiano ya kazi ya uwakala wa kutoa mizigo bandarini. Wakiniuliza nilikuwa wapi, niseme nini?"

Pole dadangu. Usipitishe sentensi tatu: "Mama alipata kiharusi, nikaacha kazi kumuuguza. Sasa anatembea, na mdogo wangu hukaa naye mchana. Niko tayari kuanza." Ile ya kati ndiyo watakayoisikiliza. Mwajiri anahofia kontena likikwama Kilindini utaomba ruhusa ukimbie nyumbani, kwa hivyo mtaje anayebaki na mama.

Mimi nilikosea hapo kwenye mahojiano yangu. Nilisimulia wodi, dawa, hata usiku wa kumgeuza mgonjwa wangu kitandani, sauti ikanikatika. Muda wa kuzungumzia kazi ukaisha, na chai waliyonikaribisha ikapoa.

Kisha watapima kama kazi bado unaikumbuka. Kabla ya Jumatano kaa na mwenzako wa zamani japo kwa muda wa saa mbili, akuonyeshe tamko la forodha linavyojazwa sasa kwenye iCMS, mfumo wa forodha wa kompyuta, upate jambo la juzi la kutaja.

Kwenye wasifu andika wazi kwamba ulikuwa ukimuuguza mzazi. Usivute tarehe za kazi ya zamani kuziba pengo. Wakimpigia bosi wako wa awali, umeumbuka.