Kuvuta pumzi pande zote mbili: rekebisha mkono wa mbele kwanza

Swali: Kocha, naogelea mita 1,500 mtindo huru kwenye bwawa la mita 25. Nikivuta pumzi kulia tu, napiga mikono 22 kwa urefu mmoja. Nikijaribu pande zote mbili, kila pigo la tatu, inafika 26, miguu inazama na baada ya mita 100 naishiwa pumzi. Nikibana boya mapajani nafuu ipo, ila siyo kubwa. Nianze kurekebisha wapi?

Jibu: Kwanza acha kwa muda kuvuta pumzi kila pigo la tatu. Chukulia unapiga mikono 60 kwa dakika: ukivuta kila pigo la pili unapata pumzi 30, ukivuta kila la tatu unapata 20. Theluthi nzima ya hewa imeondoka, na mwili uliochoka kwa kukosa hewa haujifunzi kitu. Badala yake ogelea urefu mmoja ukivuta kulia tu, unaofuata kushoto tu. Hewa inabaki ileile, na upande wenye kasoro unajitokeza wazi. Hesabu mikono ya kila urefu. Nategemea kulia itabaki 22 na kushoto itapanda kupita hata hiyo 26, kwa sababu ulipochanganya, upande mzuri ulikuwa unaubeba ule mbovu.

Hilo boya ndilo linalonifanya nishuku mkono. Kama tatizo lingekuwa miguu peke yake, boya lingeliondoa karibu lote. Unapogeuka kuvuta kushoto, mkono wa kulia ndio uko mbele, na ndio unaopaswa kukushikilia. Mtu asiyezoea upande huo huukandamiza chini ukiwa umenyooka ili anyanyue kichwa. Kichwa kikipanda, nyonga zinashuka na miguu inafuata. Mkono nao umeshapita bila kushika maji, kwa hiyo unalazimika kuongeza pigo jingine. Jipime hivi: uso unaporudi majini baada ya pumzi ya kushoto, tazama kiganja cha kulia kiko wapi. Kikiwa bado mbele ya kichwa, kimeanza tu kuinama, uko salama. Ukikikuta tayari chini ya kifua, hapo ndipo mikono yako ya ziada inapotokea.

Zoezi la kwanza ni la kulala ubavu. Nyoosha mkono wa kulia mbele, wa kushoto uweke pajani, piga miguu taratibu huku uso ukitazama sakafu ya bwawa. Toa hewa puani mfululizo. Ukiibana mpaka dakika ya mwisho, utageuka na kuanza kutoa wakati ulitakiwa kuvuta. Kisha geuza kichwa pamoja na bega, kioo kimoja cha miwani kibaki majini, vuta, rudi. Mkono wa mbele usitikisike. Ukishuka, umenyanyua kichwa badala ya kukigeuza. Miguu ikiwa dhaifu vaa mapezi, hakuna ubaya.

La pili ni la kushika maji, na hapa usiharakishe. Bana boya, lala kifudifudi, mikono mbele kwa upana wa mabega. Viwiko vikae karibu na uso wa maji, kifundo cha mkono chini kidogo ya kiwiko, vidole chini ya kifundo. Sasa peleka viganja na sehemu ya mkono kati ya kiwiko na kifundo nje na ndani, kwa mwendo mfupi, ukitafuta uzito wa maji kwenye viganja. Utasogea polepole sana, na ndivyo inavyotakiwa. Ukifika katikati ya bwawa anza kuogelea kawaida, ukiutafuta uzito uleule kabla hujavuta mkono nyuma. Baadaye fanya mita 25 umekunja ngumi, halafu 25 umefungua. Ngumi hukulazimisha kutumia mkono wote kuanzia kwenye kiwiko, si kiganja tu.

Angalia usianze kuteleza ukisubiri mkono mwingine ufike, ili tu hesabu ishuke. Jumlisha mikono na sekunde za urefu mmoja; jumla ndogo ndiyo nzuri. Mikono 22 kwa sekunde 30 ni 52. Mikono 20 kwa sekunde 34 ni 54: umepunguza mapigo lakini umepoteza mwendo, maana mwili ulikuwa unasimama kati ya pigo na pigo.

Fanya hivi mwanzoni mwa kila kipindi cha mazoezi, dakika 15 hivi, kabla hujachoka. Tofauti ya kulia na kushoto ikibaki pigo moja, rudisha kila pigo la tatu kwa mita 50, kisha 100, kwa mwendo wa polepole. Kwa mita 1,500 za mashindano mimi ningekuacha uvute kila pigo la pili, ukibadilisha upande unapohitaji. Na bega la kulia likiuma kwa mbele, tazama kama mkono unaingia ukivuka mstari wa kichwa. Upanue kwanza, mazoezi mengine yasubiri.